Mota moja, kasi mbili: Fundi anabadilishaje 'poli' bila kubadilisha mota?

Ukishuka kwenye maegesho ya magari ya chini ya jengo, sikiliza feni za kutoa hewa chafu. Muda mwingi zinavuma taratibu. Moshi ukizidi, zinapandisha sauti ghafla. Mara nyingi hapo hakuna mota mbili, na huenda hata inverta hakuna. Ni mota moja ya fezi tatu iliyosukwa kwa namna ya pekee.

Namna hiyo mafundi wanaiita Dahlander, jina la mhandisi Msweden Robert Dahlander aliyeibuni mwishoni mwa karne ya 19 akiwa kampuni ya ASEA. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado inafanya kazi, hasa kwenye feni na pampu.

Kasi inatoka wapi?

Mota ya kawaida ya fezi tatu haichagui kasi yake yenyewe. Umeme unaopita kwenye koili za stata unatengeneza sumaku inayozunguka, na rota inaifuata. Kasi ya sumaku hiyo inategemea vitu viwili tu: masafa ya umeme na idadi ya poli, yaani ncha za sumaku. Hesabu yake ni hii:

```
kasi = 120 x masafa / poli
```

Kenya na Tanzania umeme ni wa hezi 50. Kwa poli 4 unapata mizunguko 1,500 kwa dakika, na kwa poli 8 unapata 750. Rota huwa nyuma kidogo, kwa hiyo kwenye kibao cha mota utasoma kama 1,440 na 710.

Masafa ya gridi huwezi kuyagusa. Kinachobaki ni poli.

Ujanja wenyewe

Kila fezi ya mota hii ina mafungu mawili ya koili, na katikati yao umetolewa waya. Ukiyafunga mafungu yote mawili kwa mfuatano, umeme unapita yote kwa upande uleule, na kila fungu linatoa ncha za aina moja, tuseme kaskazini. Lakini sumaku haiwezi kuwa na kaskazini tupu. Kusini zinajitokeza zenyewe kwenye chuma kilicho katikati ya koili. Hivyo koili zilezile zinahesabika kuwa poli 8, na mota inakwenda taratibu.

Sasa ingiza umeme kupitia ule waya wa katikati. Fungu moja linapata umeme kwa upande ule wa mwanzo, jingine kinyume. Moja ni kaskazini, la pili ni kusini, na zile ncha za kujitokeza hazipo tena. Zimebaki poli 4, na kasi imekuwa mara mbili.

Ndiyo maana mtindo huu unatoa uwiano wa 1 kwa 2 tu. Mtu akitaka poli 4 na 6, anahitaji mota yenye seti mbili tofauti za koili ndani ya stata moja, au usukaji mwingine mgumu zaidi.

Skrubu sita zinazodanganya

Fungua kisanduku cha mota utakuta skrubu sita: 1U, 1V, 1W na 2U, 2V, 2W. Kwa kasi ndogo, umeme unaingia 1U, 1V, 1W, na zile za 2 zinaachwa wazi kabisa. Kwa kasi kubwa, umeme unaingia 2U, 2V, 2W, na zile za 1 zinaunganishwa pamoja zote tatu.

Shida ni kwamba mota ya kawaida ya kuwashia kwa sta-delta nayo ina skrubu sita. Fundi mwenye haraka akiweka vile vibati vya kuunganisha kama alivyozoea, anafupisha nusu ya koili, na mota inaungua.

Mita itakuokoa. Zima umeme, toa waya na vibati vyote, kisha pima. Mota ya sta-delta ina jozi tatu ambazo hazigusani. Yenye seti mbili za koili kwa kawaida inaonyesha makundi mawili ya skrubu tatu tatu. Dahlander inasoma zote sita zikiwa zimeunganika.

Ukishajua ni Dahlander, pima tena 1U na 1V, halafu 2U na 2V. Kama kipimo cha pili ni nusu ya cha kwanza, mota ni ya Y/YY, iliyosukwa kwa ajili ya feni na pampu. Kama vinalingana, ni Δ/YY, ya mizigo inayohitaji msukumo uleule kwa kasi zote mbili, kwa mfano mkanda wa kubebea mizigo. Tumia mita nzuri, maana ukinzani wa mota kubwa ni mdogo mno.

Mfano wa feni ya maegesho

Tuchukue feni yenye mota iliyoandikwa 5.5/1.1 kW, poli 4/8, volti 400. Mbona kasi ndogo imepewa nguvu kidogo hivyo? Kwa sababu feni ikizunguka nusu ya kasi, inahitaji takriban sehemu moja ya nane tu ya nguvu. Hiyo ni kama 0.7 kW, kwa hiyo 1.1 inatosha na chenji inabaki. Kwa jengo linaloendesha feni mchana kutwa, hapo ndipo bili inapopungua.

Kwa kasi kubwa mota hii inavuta kama ampea 11, kwa ndogo kama 3. Kwa hiyo lazima ziwe ovaloodi mbili, kila moja na kipimo chake kutoka kwenye kibao. Ukiweka moja ya ampea 11 kwa zote, kasi ndogo haina ulinzi: beringi ikikwama, mota itavuta mara mbili ya haki yake na ovaloodi itatulia tu.

Kontakta ni tatu. K1 ni ya kasi ndogo, K2 ya kasi kubwa, na K3 inaunganisha zile skrubu za 1. K1 na K3 zikifunga pamoja, fezi tatu zinagongana moja kwa moja. Kizuizi cha waya peke yake hakitoshi, weka na kile cha kimitambo. Na kama K3 imekufa, utaijua: ukibonyeza kasi kubwa mota inanguruma, haina nguvu, inachemka, kwa sababu nusu ya koili haifanyi kazi.

Kuna mawili zaidi ambayo huwaponyoka watu. Poli zikibadilika, mpangilio wa fezi nao unageuka, hivyo bila kubadilishana fezi mbili feni inaweza kuzunguka kinyume kwa kasi moja. Feni ya kinyume bado inapuliza kidogo, ndiyo maana haigunduliki haraka. Jaribu kila kasi peke yake, washa na kuzima, utazame mshale.

La pili ni kushuka. Ukitoka 1,440 ukaingiza kasi ndogo papo hapo, rota inakuwa mbele ya sumaku yake. Mota inageuka jenereta na kujifunga breki kwa nguvu. Mkanda unalia, kapulingi inakatika. Weka taima: K2 na K3 ziachie, subiri feni ipungue hadi karibu 700, ndipo K1 ifunge. Feni kubwa hupungua polepole, kwa hiyo pima muda wake kwa saa pale pale kabla ya kuseti taima.