Kidonda Kinachopona Chenyewe: Kaswende Magharibi mwa Ziwa Viktoria

Emin Pasha alijenga boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890, lakini njia za watu katika nchi ya Wahaya zilikuwa za zamani kuliko boma hilo. Watu wa Kiziba walipanda kaskazini hadi Buganda na kushuka tena, na mitumbwi ilikwenda na kurudi kati ya pwani na visiwa. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliunganisha Bukoba na Nairobi na Mombasa, na buni ya Wahaya ikapata soko la mbali. Wafanyabiashara, wapagazi, askari na vibarua walisafiri humo, na maradhi yao nayo.

Miongoni mwa maradhi hayo ilikuwa kaswende. Dalili yake ya kwanza ilikuwa tatizo tangu mwanzo. Wiki kama 3 baada ya kujamiiana na mtu mwenye ugonjwa, ingawa huweza kuwa siku 9 au hata 90, kidonda hutokea pale vijidudu vilipoingilia. Kingo zake ni ngumu, katikati ni safi, hakitoi usaha mwingi na mara nyingi hakiumi. Huenda mitoki ikavimba kwenye nyonga, nayo pia bila maumivu. Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hujifunga chenyewe, dawa iwepo au isiwepo. Mwanamke akiwa nacho kwenye mlango wa kizazi hawezi kukiona kabisa. Mtu wa Bukoba wa miaka ya 1900 aliyekwenda kwa mganga, akapewa majani ya kupaka na kuona kidonda kimepona, alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba majani yamefanya kazi. Ndivyo ugonjwa huu ulivyompatia sifa kila aliyewahi kuutibu.

Kelele kubwa za kwanza zilitoka upande wa pili wa mpaka. Mwaka 1907 Waingereza walimtuma Uganda daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, na mwaka uliofuata akaandika kwamba Buganda inaangamia kwa kaswende. Alidai wengi mno wa wakazi wameambukizwa, na hali ya Ankole, inayopakana na Kagera, ni mbaya zaidi. Taarifa yake ilitikisa serikali. Mwaka 1913 kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa kilifunguliwa kwenye kilima cha Mulago, Kampala, na kutoka humo ikakua hospitali kubwa ya Mulago tunayoijua leo.

Lakini Lambkin na wenzake walihesabu vidonda kwa macho. Katika nchi zile kulikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi wa watoto unaosambazwa kwa kugusana tu, na kijidudu chake ni ndugu wa damu wa kijidudu cha kaswende. Wataalamu Wajerumani Schaudinn na Hoffmann walikiona cha kaswende mwaka 1905: ni kama uzi mwembamba uliojipinda, na kwenye hadubini hakitofautiki na cha buba. Mwaka 1906 Wassermann alivumbua kipimo cha damu, nacho kikaitika kwa magonjwa yote mawili. Mtoto aliyeugua buba kijijini angeweza kukua, akapimwa damu ukubwani na kuandikwa kuwa na ugonjwa wa zinaa. Mwaka 1956 J. N. P. Davies, daktari wa patholojia wa Kampala, aliandika upya historia hiyo na kuonyesha kwamba sehemu ya kile kilichoitwa mlipuko wa kaswende ilikuwa maradhi ya utotoni yaliyokuwapo muda mrefu.

Kosa hilo la hesabu liliwaumiza zaidi wanawake. Tangu miaka ya 1930 watawala na wamisionari wa Bukoba walilalamika kwamba Wahaya hawazai vya kutosha, na lawama zikawaangukia wanawake waliokwenda kutafuta maisha Nairobi na Kampala. Ugumba na kaswende vikazungumzwa kana kwamba ni jambo moja, ingawa havifanani. Mwanamke anayeshindwa kabisa kushika mimba huwa mara nyingi ameharibiwa mirija ya uzazi na kisonono au klamidia. Kaswende humwacha ashike mimba, kisha humuulia mtoto tumboni au humfanya azae mtoto mgonjwa.

Dawa za wakati ule nazo ziliongeza ule udanganyifu wa kidonda. Mwanzo ilikuwa zebaki, iliyolegeza meno na kuharibu figo. Mwaka 1910 Paul Ehrlich alitoa dawa ya arseniki, na baadaye ikaja sindano ya bismathi, iliyokuwa ya bei nafuu. Katika Afrika Mashariki ya miaka ya 1920 sindano hizo zilipata umaarufu usio wa kawaida kwa sababu ya buba: mtoto aliyejaa vidonda alidungwa mara moja au mbili, na ngozi ikasafika. Watu walitembea mbali kuzitafuta. Ila kwa kaswende kumaliza kijidudu kulihitaji sindano za wiki baada ya wiki, mara nyingi kwa mwaka mzima au zaidi. Mgonjwa alikuja, kidonda kikafunga baada ya sindano ya pili, naye akarudi kwenye migomba yake. Madaktari walimwita mtoro. Yeye alijiona amepona, na mwili wake ulimpa ushahidi.

Yanayotokea baada ya hapo yalijulikana kwa uhakika kutoka Norwei. Kati ya miaka ya 1890 na 1910 daktari Boeck wa Oslo aliacha kuwapa wagonjwa wake zebaki, kwa kuamini inawadhuru kuliko kuwasaidia. Wagonjwa hao walipofuatiliwa miongo kadhaa baadaye, ilionekana kwamba zaidi kidogo ya robo walipata madhara ya mwisho: vidonda vikubwa vya ngozi na mifupa, mshipa mkuu wa moyo kupanuka, au ubongo na uti wa mgongo kuharibika. Waliobaki wengi hawakuonyesha dalili nyingine kubwa. Kwa hiyo hata mtu aliyesema “mimi kilipona na sijaona kitu miaka 20” huenda alisema kweli, bila kujua ni nani kati ya majirani zake atakayelipa.

Mwaka 1943 daktari John Mahoney wa New York aliwatibu wagonjwa 4 wa kaswende kwa penisilini, na ule mwaka mzima wa sindano ukaisha. Tangu miaka ya 1950 ikapatikana penisilini ya benzathini, inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kudungwa mara moja. Hadi leo kijidudu cha kaswende hakijajifunza kuikwepa. Kilichobaki ni kumpata mgonjwa ambaye hana kinachomuuma.

Ugumu huo ulirudi Kagera kwa sura mpya. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani humo, na utafiti wa mwaka 1987 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 katika mji wa Bukoba ana virusi. Kidonda cha sehemu za siri, hata kisichouma, ni mlango wazi kwa VVU. Kutibu kaswende kukawa pia njia ya kupunguza hatari hiyo.

Ng’ambo ya ziwa, Mwanza, watafiti waliangalia yanayowapata wajawazito. Kati ya waliokuwa na kaswende kali ambayo haikutibiwa, 1 kati ya 4 alijifungua mtoto mfu. Kwa wasio na kaswende ilikuwa kama 1 kati ya 100. Karibu nusu ya watoto wafu wote katika kundi lile walitokana na ugonjwa huu. Waliopata sindano moja ya penisilini wakati wa ujauzito walijifungua salama kama wenzao wasioambukizwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002.

Ili kuona jinsi mambo haya yanavyokutana nyumbani, tumchukue mvuvi wa kufikirika wa visiwa vya Muleba. Ameambukizwa mwaloni mwanzoni mwa Machi. Mwishoni mwa mwezi anaona kidonda, ananunua vidonge na mafuta ya kupaka dukani, na kufikia mwisho wa Aprili hakuna kitu. Akipimwa siku za mwanzo za kidonda huenda kipimo kikasema hana, kwa kuwa mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha. Ndiyo maana mhudumu anayekiona kidonda humtibu kwa dalili bila kungoja jibu, na kipimo hurudiwa baada ya wiki chache. Mwezi Juni anatokwa na vipele visivyowasha, hata viganjani na kwenye nyayo, akidhani ni joto. Navyo vinatoweka. Mkewe, aliyeambukizwa Aprili bila kuona chochote, anashika mimba Mei na kufika kliniki ya zahanati mwezi Agosti.

Hapo anatobolewa kidole. Tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, na dakika 15 hadi 20 baadaye mstari wa kaswende unajitokeza. Anadungwa penisilini ya benzathini yuniti milioni 2.4, ikigawanywa makalio mawili. Usiku ule huenda akapata homa na maumivu ya mwili kwa kuwa vijidudu vinakufa kwa wingi. Huisha ndani ya siku moja. Kama muda wa maambukizi haujulikani au umepita mwaka mmoja, dozi ni 3, wiki moja baina yake. Kwa mjamzito hakuna dawa mbadala inayoaminika kumkinga mtoto, na sindano inapaswa kutolewa angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Mvuvi naye lazima aletwe adungwe, la sivyo atamwambukiza mkewe upya kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu kupona kaswende hakumpi mtu kinga.

Kuna jambo moja huwachanganya wengi. Kile kipimo cha haraka hutafuta kingamwili ambazo hubaki damuni kwa kawaida maisha yote, kwa hiyo mwanamke huyu atapimwa katika mimba ijayo na mstari utatokea tena ingawa alipona. Kinachoonyesha kupona ni kipimo kingine, RPR, ambacho hupima kiwango. Kikiwa 1:32 siku ya matibabu, kinatarajiwa kushuka hadi 1:8 au chini ndani ya miezi 6 hadi 12. Kikipanda tena, ameambukizwa upya au dawa haikutosha. Ndiyo maana tarehe ya sindano na kiwango cha siku hiyo huandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi hiyo inafaa kwenda naye hata akihamia kisiwa kingine.