Kodi ya Shilingi ya Mwisho na Kodi ya Mshahara Mzima

Chukua slipu moja ya mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara. Mshahara ghafi ni shilingi 1,200,000. Mstari wa NSSF una 120,000, wa PAYE una 152,000, na kinachoingia benki ni 928,000. Ukimuuliza mwenyewe anakatwa kodi asilimia ngapi, huenda akakujibu "thelathini", maana kila mtu kazini husema ukivuka milioni unakatwa thelathini. Lakini asilimia 30 ya mshahara wake ni 360,000, na yeye hajakatwa hata nusu ya hizo.

Hiyo thelathini ipo kweli, ila haiugusi mshahara wote. PAYE hupanda kwa madaraja, na kila daraja hutoza zile fedha zilizoingia humo tu. Kwanza mchango wa NSSF, ambao hapa ni asilimia 10, huondolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa ni 1,080,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Zinazofuata, hadi 520,000, hutozwa asilimia 8, nazo zinatoa 20,000. Kutoka hapo hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Kutoka 760,000 hadi milioni moja ni asilimia 25, yaani 60,000. Zimebaki 80,000 zilizo juu ya milioni, na hizo ndizo pekee zinazokutana na asilimia 30: kodi yake ni 24,000. Jumlisha, utapata 152,000 ileile ya kwenye slipu.

Sasa viwango viwili vinaonekana wazi. Kiwango cha pembezoni ni kile kinachotozwa shilingi ya mwisho inayoongezeka kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kwa huyu ni asilimia 30. Kiwango halisi ni kodi yote ikigawanywa kwa mshahara wote: 152,000 kwa 1,200,000, ambayo ni kama asilimia 12.7. Wapo wanaogawanya kwa kile kinachotozwa, yaani 1,080,000, wakapata asilimia 14.1. Hesabu zote mbili ni sahihi, mradi useme umegawanya kwa nini. Mimi hupendelea mshahara ghafi, kwa kuwa ndio ulioandikwa kwenye mkataba.

Tatizo ni kwamba slipu nyingi hazionyeshi asilimia yoyote kati ya hizi. Kiwango halisi unakipata kwa kugawanya mistari miwili. Cha pembezoni hakipatikani kwa kugawanya. Lazima utoe NSSF, kisha uangalie kilichobaki kimefika daraja gani.

Kuchanganya viwango hivi kunawaumiza watu. Nimewahi kukaa na mama mmoja aliyekuwa akipata 1,100,000. Aliongezewa 100,000 akasita kuipokea, akiogopa kwamba akiingia kwenye thelathini mshahara wote utamegwa na atarudi nyumbani na pungufu. Tulikaa na kalamu. Kabla ya nyongeza alikuwa akitozwa kodi kwenye 990,000, PAYE yake ikiwa 125,500, na mkononi akipata 864,500. Baada ya nyongeza angepata 928,000. Katika ile 100,000, NSSF ingechukua 10,000, kodi 26,500, naye angebaki na 63,500. Kwa madaraja haya, nyongeza ya mshahara haiwezi kukupunguzia kilichokuwa kikikufikia.

Kila kiwango kina kazi yake. Ukitaka kujua saa za ziada au nyongeza itakuachia kiasi gani, tumia cha pembezoni. Ukitaka kulinganisha mzigo wako wa kodi na wa mwenzako, tumia kiwango halisi. Wala usiingize NSSF au marejesho ya mkopo wa elimu ya juu kwenye hesabu ya kodi kwa sababu tu vyote viko upande wa makato. Mchango ni akiba yako ya pensheni, na mkopo ni deni.

Kiwango cha pembezoni pia kinafichua kosa la mhasibu. Kama kwenye slipu ya 1,200,000 utakuta PAYE ni 188,000, jua NSSF haikutolewa kabla ya kodi. Tofauti ni 36,000, ambayo ni asilimia 30 kamili ya mchango wa 120,000. Kwa mwaka ni shilingi 432,000. Chukua slipu yako ya mwezi huu, toa NSSF, pitisha kilichobaki kwenye madaraja, na kama jumla haifanani na mstari wa PAYE, ipeleke kwa mhasibu wako ukiwa na hesabu mkononi.