Chanjo njiani: si jua la Likoni pekee, barafu nayo huharibu

Ukimuuliza mtu yeyote wa Mombasa ni kitu gani kinachoweza kuiharibu dawa ikiwa safarini, atakwambia ni hari. Ana haki ya kusema hivyo. Foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana sote twaijua, na Machi yetu haimwonei mtu huruma. Lakini kwa miaka niliyofanya kazi ya kupakia na kusindikiza chanjo kutoka ghala hadi zahanati za Likoni, Kisauni na Changamwe, hasara niliyoiona mara nyingi zaidi ilitoka upande wa pili: chanjo iliganda ndani ya kasha lililokusudiwa kuihifadhi. Makala haya ni ya wenzangu wanaobeba makasha hayo, na ya wazazi wanaotaka kujua chupa ya mtoto wao imepita wapi.

Kwanza njia yenyewe. Chanjo za serikali hutoka ghala kuu la taifa lililoko Kitengela, zikaja ghala la kanda hapa Mombasa, kisha zikagawiwa maghala ya kaunti ndogo. Kutoka hapo ndipo zahanati huchukua mgao wao, aghalabu mara moja kwa mwezi. Ngwe ya kwanza husafirishwa kwa gari maalumu, na watu wake wana vifaa. Ngwe ya mwisho ndiyo yenye mashaka: kibebeo kidogo mkononi, ndani ya matatu, tuktuk au nyuma ya boda, kwenda Shika Adabu, Mwakirunge au Miritini.

Karibu chanjo zote hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi zikiwa njiani. Ila hazina tabia moja. Chanjo ya surua na rubela, ya kifua kikuu, na ile ya polio ya matone haziharibiki zikiganda. Zinazoharibika ni zile zenye chumvi ya aluminiamu ndani yake: pentavalenti, ambayo humkinga mtoto na maradhi matano yakiwemo pepopunda, kifaduro na homa ya ini aina ya B, chanjo ya nimonia, na ile ya pepopunda wanayopewa akina mama waja wazito. Hizi zikishuka hadi karibu nusu nyuzi chini ya sifuri huanza kuganda. Chumvi ile hujikusanya mabongemabonge, na hata barafu ikiyeyuka hairudi ilivyokuwa. Maji ya kuchanganyia chanjo za unga nayo yasigandishwe, kwa sababu chupa yake hupasuka.

Sasa linganisha na joto. Chupa ya chanjo huwa na alama ndogo ya duara lenye mraba katikati. Mraba huanza ukiwa mweupe, ukizidi kukutana na joto hukoleza rangi. Ukifikia rangi ya duara au kuipita, chupa hiyo haitumiki tena. Pentavalenti nyingi zina alama ambayo katika nyuzi 37 mfululizo huchukua takriban siku 14 kufika hapo. Kwa hiyo saa mbili za foleni ya feri peke yake haziimalizi. Polio ya matone ndiyo dhaifu: alama yake huchukua siku 2 tu katika joto hilohilo. Lakini kuganda hakungoji siku. Kwaweza kutokea ndani ya saa moja, na alama ile ya mraba haikuonyeshi chochote. Chupa iliyoganda hubaki na mraba mweupe kama mpya.

Kosa hutokea frizani. Pakiti za barafu hulala kwenye friza lenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtu ana haraka, anazitoa, anazipanga pembeni mwa kibebeo zikiwa bado zina ukungu mweupe juu yake, anatia chupa katikati na kufunga. Pakiti hizo ni baridi kupita kiasi, na kitu cha karibu cha kunyonya joto lake ni chupa za chanjo.

Dawa ya hilo ni kungoja. Toa pakiti, zipange mezani kwa safu moja bila kubebana, na uziache zianze kutoa jasho. Kila baada ya dakika chache chukua moja, iweke karibu na sikio na uitikise. Ukisikia barafu inagonga ndani na maji kidogo yanacheza, iko tayari. Kwa hari ya hapa kwetu mara nyingi ni kati ya nusu saa na dakika 45, ila usitegemee saa. Tegemea mtikisiko, na utikise zote. Barafu inayokaa pamoja na maji haiwezi kuwa chini ya nyuzi sifuri. Ndiyo siri yake yote.

Wenzangu wengi hupinga wakisema, “Bwana, ukiiacha iyeyuke si umeupoteza ubaridi wa safari?” Hesabu inajibu. Kibebeo cha kawaida huchukua pakiti 4, na tuseme kila moja ina maji gramu 400. Kuipandisha barafu hiyo kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi sifuri hutumia takriban kilojuli 67. Kuiyeyusha yote ikishafika sifuri hutumia takriban kilojuli 534. Yaani kwa kungoja unapoteza kama fungu 1 kati ya 9 ya ubaridi, na kuyeyuka kidogo kule. Mafungu 8 yanayobaki ndiyo yanayokulinda njiani, na yanakaa pale pale kwenye sifuri bila kushuka. Fungu lile la kwanza ndilo linaloua chanjo.

Nikipakia mgao wa kwenda ng'ambo ya Likoni, nazitoa pakiti saa kumi na mbili asubuhi. Wakati zinatoa jasho, nahesabu chupa, natazama mraba wa kila moja na tarehe ya mwisho, nazifunga ndani ya mfuko wa plastiki ili maji yasibandue karatasi za majina. Kama saa moja kasorobo hivi pakiti zinagonga. Nazipangusa maji, nazisimamisha pande nne, natia chupa katikati bila kugusana na pakiti, kipimajoto kati yao, sponji juu, kifuniko. Kuanzia hapo kibebeo hakifunguliwi hadi mwisho wa safari, wala hakiwekwi juani kwenye sitaha ya feri au kwenye kiti cha boda. Ukifika, soma kipimajoto kabla ya kutoa chochote, uandike saa na nyuzi. Vifaa vya elektroniki vinavyosafiri na chanjo hukumbuka hata yaliyopita: kile cha kuonya kuganda huonyesha alama ya tiki mambo yakiwa sawa, na alama ya `X` iwapo joto lilishuka chini ya sifuri kwa muda wa saa moja.

Alama hiyo ya `X` ndiyo niliyoitiwa siku moja na muuguzi wa kliniki moja ya bara, ambayo jina lake naliacha. Kijana wao alikuja kuchukua mgao, akapakia pakiti za moja kwa moja kutoka frizani, akapanda boda. Alipofika, kipimajoto kilisoma nyuzi 3 chini ya sifuri. Ndani mlikuwa na chupa 30 za pentavalenti, kila moja dozi 10. Kwa macho zilikuwa maji matupu, hazikuwa zimeshikana. Yule mama akaniuliza, “Mwanangu, watoto wako kwenye benchi, nazitumia au siziitumii?”

Jibu ni kuwa usitumie, wala usitupe kwanza. Tulizitenga kwenye friji, tukaziandikia zisiguswe, na watoto wakachanjwa kwa chupa za mgao uliotangulia. Kisha tukafanya jaribio la kutikisa. Chukua chupa moja ya kampuni ileile na namba ileile ya toleo, iandike GANDISHWA, uilaze frizani usiku mzima hadi iwe jiwe. Asubuhi iache iyeyuke yenyewe, usiipashe moto. Hiyo ndiyo shahidi wako. Ishike mkono mmoja pamoja na chupa unayoishuku, zitikise pamoja sekunde 10 hadi 15, kisha zisimamishe mezani kando kwa kando, uziangalie kwenye mwanga.

Shahidi huanza kuonyesha vipande kama chokaa iliyokatika, na mashapo yake hutuama upesi, juu kukabaki maji meupe. Chupa unayoishuku ikituama polepole kuliko shahidi, haikuharibika na yaweza kutumika. Ikituama sawa naye au kwa kasi zaidi, iliganda. Ipe hadi nusu saa kabla ya kukata shauri. Siku ile, chupa tulizozichukua karibu na pakiti zilituama sawa na shahidi, na zile za katikati zilibaki na wingu lake. Lakini huwezi kujua kwa uhakika kila chupa ilikaa wapi baada ya kutikiswa kwenye boda, na huwezi kuzipima chupa 30 moja moja huku watoto wanangoja. Mzigo wote uliandikwa kuwa umeharibika na kurudishwa: dozi 300. Zilipotea kwa sababu ya dakika 40 ambazo hazikungojwa.

Jaribio hili lina mipaka. Chupa uliyoikuta imeshikana kuwa barafu haihitaji jaribio, iache. Chanjo ya polio ya sindano haina chumvi ya aluminiamu, kwa hivyo kutikisa hakukwambii kitu, nayo kuganda huiharibu. Insulini na oksitosini nazo hazipimwi kwa njia hii. Oksitosini ndiyo sindano inayozuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na aghalabu hutakiwa nyuzi 2 hadi 8. Hii huharibiwa na joto kimyakimya: inabaki safi kama maji, ila nguvu imepungua, na mkunga hujua hilo damu isipokata. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNICEF na UNFPA, limeshauri isafirishwe na kuhifadhiwa pamoja na chanjo badala ya kuachwa kwenye kabati la dawa za kawaida. Kwa hiyo kasha lililopakiwa vizuri humtumikia mama pia.

Siku hizi kuna vibebeo vilivyojengwa na ukuta wa ndani unaotenga pakiti na chupa, ambavyo huruhusu kutumia barafu ya moja kwa moja kutoka frizani. Kabla ya kuacha kutikisa pakiti, hakikisha kibebeo chako ni cha aina hiyo. Vingi tunavyovibeba bado ni vile vya zamani.

Na kwa mzazi aliye kwenye benchi: una ruhusa kumwambia muuguzi, “Dada, nionyeshe mraba wa chupa.” Atakuonyesha. Ukitaka kujua upande wa pili, muulize kipimajoto kilisoma ngapi mgao ulipofika. Jibu limeandikwa kwenye daftari.