Dola na Mfuko wa Mbolea wa Ufipa

Kabla hatujafika Sumbawanga, twaanza na tarehe 18 Septemba 1949. Siku hiyo Waingereza walishusha thamani ya pauni, kutoka dola 4.03 hata dola 2.80. Shilingi yetu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imefungwa na pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, nayo ikashuka pamoja. Dola iliyopatikana kwa shilingi 5 kasoro kidogo ikawa shilingi 7 na senti 14. Hakuna mtu wa Ufipa aliyeulizwa.

Kiti cha pauni sasa chakaliwa na dola. Muuzaji wa mbolea ya urea hukodi meli na kukopa kwa dola, na wauzaji wenziwe hutaja bei kwa dola. Akitaja bei kwa shilingi, shilingi ikishuka hasara ni yake. Basi ankara huandikwa kwa dola. Na kwa kuwa deni la dola hulipwa kwa dola, Benki Kuu zetu huweka akiba ya fedha hiyo hiyo, nayo huzidi kuenea.

Tuseme mfuko wa urea ni dola 25, bila kubadilika. Mwanzo wa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, yaani mfuko shilingi 57,500. Katikati ya 2024 ilikaribia 2,600: shilingi 65,000, na nauli ya lori bado. Mahindi ya Mfipa huuzwa kwa shilingi. Ruzuku ya serikali, iliyoanza 2022, humpunguzia mkulima mzigo huo, lakini hazina ndiyo huubeba.