Ziwa la magadi si ziwa la chumvi

Wakazi wa delta ya Tana wanayajua maji ya chumvi. Kiangazi kikikaza na mto ukipungua nguvu, maji ya bahari hupanda kutoka Kipini hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Ozi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Garsen akisoma kwamba Bogoria ni "ziwa la chumvi", atadhani ni chumvi ileile. Siyo. Chumvi ya bahari ni kloridi ya sodiamu. Ya Bogoria ni kabonati ya sodiamu zaidi, yaani magadi, yale yale tunayotia kwenye maharagwe yaive upesi. Kamulia ndimu: magadi yatatoa povu, chumvi ya mezani haitatoa. Istilahi inayofaa, basi, ni ziwa la magadi.

Kabonati hiyo huanzia kwenye mvua. Maji yakishachanganyika na hewa ukaa huwa asidi dhaifu, nayo huila polepole miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi. Hutoka hapo yamebeba sodiamu, baikabonati na kalsiamu kidogo. Jua likiyavukiza, kalsiamu ndiyo hutangulia kushikana na kabonati na kutua kama chokaa. Hapo ndipo njia zinapoachana. Kalsiamu ikiwa nyingi, kabonati ndiyo huishiwa. Bahari iko upande huo. Kalsiamu ikiwa kidogo, huisha yenyewe, na baikabonati inayosalia hubaki na sodiamu. Maji yakizidi kukolea, baikabonati huachia hewa ukaa na kugeuka kabonati, na pH hufika 10. Katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, hukolea hadi magadi yakaganda matabaka. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911.

Mbona basi Tana ni tamu? Mto huu nao hutoka kwenye miamba ya volkano, ya Mlima Kenya na Nyandarua, na hubeba viungo hivyohivyo. Ila hupita Garsen ukaenda zake baharini. Maji ya mteremko wa magharibi wa Nyandarua huangukia Bonde la Ufa, yasikopata njia ya kufika bahari. Na kukosa mto wa kutokea peke yake hakutoshi: Naivasha haina, lakini maji yake ni matamu, kwa sababu mengine hupenya ardhini na kuondoka na chumvi zake. Ziwa Magadi liko chini kabisa ya bonde lake. Hulishwa na chemchemi za moto zenye magadi tayari, na maji yake huondoka kwa mvuke tu.

Tofauti hii ina kazi shambani. Udongo ulioingiliwa na bahari huanza kutibiwa kwa kuoshwa na maji matamu mengi. Udongo wenye magadi ukioshwa tu hushikamana na kukataa kupitisha maji; huo hutiwa jasi kwanza, ili upate kalsiamu uliyoikosa.