Kubadili msimbo: sarufi iliyo nyuma ya "size zote zipo"

Chini ya picha za viatu na magauni ambazo wauza nguo wa Kariakoo huziweka Instagram, sentensi za aina hii ni za kila siku:

"Mzigo mpya umeingia. Size zote zipo."

Neno la Kiingereza hapo ni moja tu, na limewekwa kwa utaratibu. Muuzaji hakuandika "sizes zote zipo". Ameliingiza neno hilo katika ngeli ya I-ZI, akaivua ile alama ya Kiingereza ya wingi, kisha akaacha wingi ubebwe na "zote" na "zipo". Hakuna aliyemfundisha kanuni hii, na pengine hajawahi kuifikiria. Anaijua kama anavyojua kwamba nguo ni "nyingi" na vitabu ni "vingi".

Wanaisimujamii huuita utaratibu huu kubadili msimbo. Vitabu vya shule nchini Kenya hutaja pia kuchanganya ndimi. Mimi napendelea "msimbo", kwa sababu ulimi humfanya msomaji afikirie lugha tu, ilhali msimbo ni mfumo wowote wa usemi ambao mtu anaweza kuuchagua: lugha, lahaja, hata mtindo wa mtaani. Kijana wa Nairobi anayehama kutoka Kiswahili sanifu kwenda Sheng amebadili msimbo bila kugusa Kiingereza. Baadhi ya waandishi hutenga kubadili msimbo, yaani kuhama kati ya sentensi na sentensi, na kuchanganya msimbo, yaani kuhama ndani ya sentensi moja. Wengine hutumia jina moja kwa yote mawili. Kwa mwandishi wa maelezo ya picha utengano huo una faida, maana kila aina ina kazi yake.

Aliyeieleza vizuri ile ya ndani ya sentensi ni Carol Myers-Scotton, Mmarekani ambaye sehemu kubwa ya ushahidi wake aliipata Nairobi. Katika vitabu viwili alivyovitoa mwaka 1993 alionyesha kwamba lugha mbili zinapokutana katika sentensi moja, hazigawani madaraka sawasawa. Moja huwa lugha msingi: hiyo ndiyo inayopanga mfuatano wa maneno na kutoa viambishi. Nyingine hupachikwa, ikaleta mashina na vifungu vya hapa na pale. Katika "tunadeliver", nafsi na wakati vimetoka katika Kiswahili, na Kiingereza kimetoa shina peke yake.

Umbo hilo dogo lina historia katika taaluma. Mwaka 1980 Shana Poplack, aliyechunguza Kihispania na Kiingereza cha Wapuerto Riko wa New York, alipendekeza kwamba msemaji hawezi kubadili lugha katikati ya kiambishi na shina, isipokuwa shina hilo limeshazoea matamshi ya lugha inayolipokea. Kwa data aliyokuwa nayo, pendekezo hilo lilikuwa na mantiki. Lakini mtu wa Nairobi husema "ameforget" na "wanachat" siku nzima, huku shina likitamkwa kwa Kiingereza kabisa. Lugha za Kibantu zilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha kwamba kanuni hiyo haifanyi kazi kila mahali.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mkahawa mmoja wa Nairobi unataka kutangaza chapati kwa vijana, na mtu wa ofisini ameandika hivi:

"Enjoy our tamu chapatis this wikendi with your rafiki."

Maneno ya Kiswahili yapo, lakini kijana atahisi mara moja kwamba aliyeandika si wa kwao. Lugha msingi hapa ni Kiingereza. "Tamu" imetangulia nomino, chapati imepewa wingi wa Kiingereza, na "rafiki" imekaa chini ya kimilikishi cha Kiingereza. Kiswahili kimenyunyizwa juu. Sasa tugeuze:

"Chapo ziko ready. Weekend hii tunadeliver free hadi kwako."

Idadi ya maneno ya Kiingereza haikupungua sana. Kilichobadilika ni mwenye sarufi. "Chapo" inatawala "ziko", "weekend" imefuatwa na "hii" kama wiki au siku yoyote ingefuatwa, na kitenzi kina viambishi vyetu. Ninapopitia maandishi ya namna hii huanza kuangalia viambishi, kisha msamiati. Viambishi vikiwa vya Kiswahili na maneno yakapatana ngeli, sentensi ina uhai hata kama nusu ya mashina ni ya kigeni.

Kitenzi cha namna hii kina tabia nyingine ya kupendeza. Katika ukanushi wa wakati uliopo, vitenzi vya asili ya Kibantu hubadili irabu ya mwisho: tunapika, hatupiki. "Tunadeliver" ikikanushwa huwa "hatudeliver", bila mabadiliko mwishoni. Tusidhani kwamba hapo Kiswahili kimevunjwa. Vitenzi tulivyovipokea kutoka Kiarabu vilishafungua njia hiyo zamani: tunasafiri, hatusafiri, anajibu, hajibu. Shina la Kiingereza limepita mlango uliokuwapo. Likianza kupokea vinyambuo, kama vijana wanavyosema picha "imepostiwa", tunakaribia mpaka ambapo kubadili msimbo kunakuwa ukopaji, na neno linaanza kutafuta tahajia yake ya Kiswahili. "Wikendi" imeshavuka. "Deliver" bado, ndiyo maana kuiandika "deliva" kunaonekana kama kulazimisha.

Ukisema "vijana wa mjini", lazima uulize mji gani. Muuzaji wa Kariakoo ameandika "zipo". Wa Nairobi angeandika "ziko", kwa kuwa mazungumzo ya huko hutumia -ko hata pale ambapo Kiswahili sanifu kingetaka -po. Silabi hiyo moja inatosha kumwonyesha msomaji mahali tangazo lilipotoka. Aidha, kwa kijana wa Dar es Salaam Kiswahili cha mtaani kinaweza kubeba maelezo yote. Kiingereza huja kwa majina ya vitu na shughuli za biashara, kama "size", "order" na "delivery". Kwa vijana wengi waliosoma Nairobi, mchanganyiko wenyewe ndio usemi wa kawaida wakiwa pamoja, na Myers-Scotton aliliona hilo huko. Maelezo yaliyowafaa vijana wa Nairobi yakipelekwa Dar bila kuguswa yataonekana ya kujitutumua. Ya Dar yakipelekwa Nairobi, yatasomeka kama ya mgeni mwenye adabu.

Kuhama kati ya sentensi na sentensi ni kazi ya namna nyingine. "Mzigo mpya umeingia. Limited stock." Sentensi ya kwanza inaongea na mtu anayefahamika, ya pili imevaa sauti ya duka rasmi na kuleta haraka. Msomaji anausikia mgeuko huo hata asipotafsiri. Nguvu yake hutokana na uchache: mwandishi akihama kila sentensi, hakuna mhamo unaosikika tena.

Mahali ambapo singechanganya hata kidogo ni kwenye masharti. "Refund ipo within siku 3 kama tag haijatolewa" ni sentensi ambayo mnunuzi anaweza kuielewa nusu, na nusu inayompita ndiyo itakayoleta ugomvi dukani. Afadhali "Unaweza kurudisha nguo na kupata pesa zako ndani ya siku 3 tangu uipokee, ikiwa lebo haijakatwa." Ni ndefu zaidi, lakini mama wa huyo kijana, ambaye mara nyingi ndiye anayelipa, ataielewa pia.