Kitimoto: Chopsi dakika 8, bega saa moja na nusu. Kwa nini?

Ukiagiza kilo moja ya kitimoto kwenye bucha nyingi, Muheza na kwingineko, muuzaji anakata kwa panga na kukuchanganyia: mbavu, bega, kidogo cha mgongo, na mafuta juu yake. Ukifika nyumbani vyote vinaingia karai moja, halafu unashangaa nusu imekauka kama soli ya kiatu na nusu nyingine inagoma kutafunika.

Tatizo si moto wako. Umepika nyama mbili tofauti kwa muda mmoja.

Chopsi ni kile kipande cha mgongoni chenye mfupa wa ubavu pembeni. Msuli huo nguruwe hautumii sana, kwa hiyo ni laini tangu mwanzo. Kazi yako ni kuupasha tu hadi katikati, basi. Ukiuzidisha, nyama inajikamua maji yake yote.

Bega ni habari nyingine. Ndilo linalobeba mwili kila nguruwe anapotembea, na limejaa nyuzi nyeupe ngumu zinazoshika misuli. Nyuzi hizo hulainika polepole sana, na hugeuka kuwa ule mchuzi mzito unaonata midomoni. Hapo moto mkali hausaidii, muda ndio unaosaidia.

Tuanze na chopsi. Yenye unene wa sentimita 2, kwenye kikaangio kilichopata moto vizuri, inataka kama dakika 4 kila upande, kisha iache kwenye sahani dakika 3 kabla ya kuikata. Yenye sentimita moja na nusu, dakika 3 kila upande zinatosha.

Sasa wengi wanakosea kwenye unene. Kipande kikiwa kinene mara mbili, muda hauongezeki mara mbili tu. Unaweza kufika mara tatu au zaidi, kwa sababu joto linasafiri taratibu ndani ya nyama. Kwa hiyo chopsi ya sentimita 3 au 4 ukiikaanga kwa moto mkali mwanzo mwisho, nje itaungua na karibu na mfupa kutabaki kubichi. Ipe rangi dakika 3 au 4 kila upande, punguza mkaa, funika, iache dakika 10 hadi 12. Kisha choma kisu pembeni ya mfupa: majimaji yakitoka mekundu, rudisha.

Hili si suala la ladha peke yake. Nguruwe anaweza kubeba viluwiluwi vya tegu, vinavyoonekana kama punje nyeupe za mchele ndani ya nyama. Ukivila vikiwa hai unapata tegu tumboni. Na mayai ya tegu yanayotoka kwenye choo cha mtu huyo, yakiingia kwenye chakula au maji, yanaweza kufikisha viluwiluwi kwenye ubongo wa mtu na kuleta kifafa. Wamarekani wanaruhusu nyama nzima ya nguruwe ifike nyuzi joto 63 na kupumzishwa dakika 3. Kama nyama yako haina muhuri wa mkaguzi, mimi nisingeishia hapo. Pika hadi wekundu uishe kabisa, hata kama chopsi itakauka kidogo. Na ukiona hizo punje, usiinunue.

Turudi kwenye bega. Likate vipande vya sentimita 4, vikaange kidogo vipate rangi, ongeza maji, kitunguu, tangawizi na chumvi, funika, uache lichemke taratibu. Dakika 40 likiwa motoni litakuwa limeiva kiusalama lakini gumu kama mpira. Watu wengi hapo hukata tamaa au huongeza mkaa. Kuongeza mkaa ni bure, maji yanayochemka hayapati joto zaidi, yanakauka tu. Subiri hadi saa moja na nusu. Limelainika pale uma unapoingia na kutoka bila kuvuta nyama.

Muda huo ni wa Muheza, ambako ni karibu na usawa wa bahari. Ukipanda Lushoto, kwenye mita kama 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Bega lilelile litataka dakika 20 hadi 30 za ziada, isipokuwa una sufuria ya presha. Chopsi ya kukaanga haibadiliki sana, maana mafuta hayafuati sheria hiyo.

Kwa hiyo ile kilo ya mchanganyiko itenganishe kabla ya kuwasha jiko. Bega na mbavu zitangulie. Chopsi kaa nazo pembeni na ndimu na chumvi, uzikaange sufuria ikiwa imebakiza robo saa.